Waya wa Taipu C: Chipu Inayoamua Laptopu Ipate Wati Ngapi

Chaja imeandikwa wati 100. Laptopu nayo inakubali wati 100. Umechomeka kila kitu sawasawa na alama ya umeme inaonekana kwenye kioo, lakini ukianza kazi nzito, kama kuhariri video, asilimia za betri zinashuka badala ya kupanda. Wengi hapo humlaumu aliyewauzia chaja. Wengine hukimbilia kwa fundi wakidhani betri imechoka. Mara nyingi mkosaji ni kitu cha tatu ambacho hakuna anayekiulizia: waya ulio katikati.

Vichwa vya nyaya za taipu C vyote vina umbo moja. Vinaingia kwenye kila tundu la aina hiyo, na havina juu wala chini. Kufanana huko ndiko kunakotuchanganya, maana ndani ya plastiki nyaya hizi zimegawanyika. Mmoja hupewa wati 60 tu na hauvuki hapo. Mwingine hufika 100. Mwingine hufika 240. Tofauti haitokani na unene wa nyuzi za shaba peke yake. Inatokana pia na chipu ndogo iliyofichwa kwenye kichwa cha waya, ambayo chaja huihoji kabla ya kuachia umeme mwingi. Chipu isipokuwepo, au ikikaa kimya, chaja hubana mkono.

Wati 60, 100 na 240 zimetoka wapi

Wati ni volti mara ampea. Hesabu hiyo moja inatosha kuelewa habari yote ya nyaya hizi.

Tundu la USB la zamani kwenye kompyuta lilitoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. Ziliitosha puku na kibodi. Kichwa cha taipu C, ambacho viwango vyake vilikamilishwa mwaka 2014, kilikuja na uwezo mwingine kabisa, hasa kinapotumiwa pamoja na utaratibu uitwao Power Delivery, ambao kwenye chaja huandikwa kwa kifupi PD. Chini ya utaratibu huo chaja inaweza kupandisha volti kutoka 5 hadi 9, hadi 15, na hadi 20, kadiri kifaa kinavyoomba.

Kila waya halali wa taipu C wenye kichwa hicho pande zote mbili lazima uweze kubeba ampea 3. Hilo ni sharti la chini, na halihitaji chipu. Volti 20 mara ampea 3 ni wati 60, na hapo ndipo waya wa kawaida unapoishia. Ukitaka kupita hapo, njia ya kwanza ni kuongeza ampea hadi 5, na volti 20 mara ampea 5 zinatoa wati 100. Lakini ampea 5 hazitolewi kwa waya wowote. Lazima waya uwe na chipu inayotamka kwamba unazimudu.

Mwaka 2021 viwango vya PD viliongezewa ngazi za volti 28, 36 na 48, bado kwa ampea 5 zilezile. Zidisha mwenyewe utapata wati 140, 180 na 240. Mwaka huohuo nyaya za wati 100 ziliondolewa kwenye mpango wa bidhaa mpya: waya mpya wa ampea 5 unatakiwa uweze pia kuhimili volti hizo za juu, yaani uwe wa wati 240. Ndiyo maana nembo rasmi za shirika la viwango, USB-IF, kwa upande wa nguvu ya waya zina namba mbili tu, 60W na 240W. Nyaya za wati 100 zilizokwisha kutengenezwa bado ziko sokoni na majumbani kwa wingi, na zinafanya kazi vizuri kwa laptopu isiyodai zaidi ya hapo.

Mahojiano kabla ya umeme

Chaja nzuri ya taipu C ikiwa ukutani bila kifaa haitoi umeme wowote kwenye njia yake kuu. Ukiigusisha mita utapata sifuri. Inasubiri ijue kwanza nani amechomekwa.

Inajua kwa kuangalia pini mbili ndogo zilizo kwenye tundu lake, ziitwazo CC1 na CC2. Moja kati ya hizo huunganishwa na uzi mwembamba unaopita ndani ya waya hadi kwenye laptopu, ambako kuna rezista ya kiloomu 5.1. Chaja ikiiona rezista hiyo, inajua kuna kifaa kinachotaka umeme. Pini ya pili haiendi kwenye laptopu. Kama waya una chipu, pini hiyo hukutana na rezista ya takriban kiloomu 1 ndani ya kichwa cha waya wenyewe, na chaja inajua kwamba njiani kuna mtu wa kuulizwa.

Hapo chaja hutoa umeme mdogo kupitia pini hiyo ya pili, wa kuiamsha chipu tu. Kisha hutuma swali kwenye uzi wa mazungumzo. Swali hilo limeandikiwa chipu ya waya na siyo laptopu, ingawa wote wako kwenye uzi mmoja. Chipu hujibu kwa namba chache zilizoandikwa ndani yake kiwandani: nani aliyeitengeneza, waya unabeba ampea 3 au 5, unahimili volti ngapi, unapitisha data kwa kasi gani, na kama unaruhusiwa kuingia kwenye zile ngazi za volti 28 na kuendelea.

Chaja ikishasikia majibu ndipo huandaa orodha yake na kuituma kwa laptopu: nina volti 5 kwa ampea 3, nina 9 kwa 3, nina 15 kwa 3, nina 20 kwa 5. Laptopu huchagua na kuomba. Chaja hukubali, hupandisha volti, kisha hutuma neno la mwisho kwamba tayari. Mazungumzo yote haya huisha kabla hujaondoa mkono kwenye waya.

Sasa tazama kinachotokea waya ukiwa hauna chipu. Chaja inauliza, hakuna jibu. Haikatai kuchaji wala haiwashi taa ya onyo. Inafuta tu ampea 5 kwenye orodha na kuandika 3. Laptopu inapokea orodha ambayo kilele chake ni volti 20 kwa ampea 3, na haina namna ya kujua kwamba chaja ilikuwa na zaidi. Ndivyo wati 40 zinavyopotea kimyakimya.

Chipu hiyo, kwa maneno mengine, ni kama barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Inaeleza wewe ni nani na unastahili nini, lakini haikubebei mzigo. Umeme wa laptopu haupiti ndani yake hata kidogo. Unapita kwenye nyuzi za shaba pembeni yake. Jambo hili tulishike, kwa sababu ndilo chanzo cha udanganyifu tutakaoujia mbele.

Laptopu moja, nyaya mbili

Tuchukue laptopu ya kazi yenye betri ya wati-saa 80, inayokubali hadi wati 100, na chaja ya wati 100. Tuseme mwenyewe anahariri video na mashine inakula wati 80.

Akitumia waya wa wati 60, kila sekunde kuna upungufu wa wati 20, na upungufu huo unachotwa kwenye betri. Wati-saa 80 gawanya kwa wati 20 ni saa 4. Yaani laptopu iliyojaa, huku imechomekwa ukutani, inaweza kuzimika baada ya saa 4. Baadhi ya laptopu hazifiki huko: zikiona umeme hautoshi, hupunguza kasi ya prosesa, na mwenyewe anaanza kulalamika kwamba mashine imekuwa nzito. Akibadilisha waya tu, akaweka wenye chipu ya ampea 5, zinaingia wati 100. Themanini zinakwenda kwenye kazi na 20 zinabaki za kujaza betri.

Mashine ikiwa imetulia na inakula wati 15, hesabu inageuka. Kwa waya wa 60, zinabaki wati 45 za betri, na kutoka sifuri hadi kujaa itachukua kiasi cha saa moja na dakika 47. Kwa waya wa 100 zinabaki 85, na hesabu inatoa dakika 56. Uhalisia ni mrefu kidogo kwa waya wowote, kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani, na kila laptopu hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa.

Kuna mtego mdogo zaidi ambao huwakuta watu wengi bila kujua. Chaja za laptopu za wati 65 ni nyingi mno, na wengi hudhani waya wa 60 unazitosha kwa kuwa namba zinakaribiana. Lakini chaja ya wati 65 hutoa volti 20 kwa ampea 3.25. Robo ampea hiyo imevuka mpaka wa 3, kwa hiyo nayo inadai waya wenye chipu ya ampea 5. Bila huo, chaja inashuka hadi wati 60. Kwa kawaida mwenye laptopu hawezi kuhisi wati 5 zilizopungua. Tatizo hutokea kwa laptopu zenye masharti makali, ambazo zikiona chaja iko chini ya kiwango chao huonyesha onyo au hupunguza nguvu. Chaja nyingi zinazokuja na laptopu zina waya ulioungwa moja kwa moja kwenye boksi la chaja, na hizo hazina shida hii, maana mtengenezaji alishajua waya gani umefungwa. Shida huanza siku waya huo unapokatika, mtu akanunua chaja nyingine yenye tundu na kuokoteza waya wowote wa taipu C uliokuwa wa simu.

Kwa nini volti zilipandishwa na siyo ampea

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini waliotaka wati 240 hawakuongeza tu ampea, wakatuachia volti 20 tulizozizoea?

Jibu ni joto. Kila waya una ukinzani, hata uwe wa shaba safi. Umeme unaopotea kwa joto ndani ya waya ni ampea mara ampea mara ukinzani. Neno la kuangalia ni hilo la ampea kuzidishwa kwa zenyewe, kwa sababu ukiongeza ampea maradufu, joto linakuwa mara nne.

Tuweke namba. Viwango vinaruhusu waya upoteze volti 0.75 kwenda na kurudi unapobeba ampea zake zote. Kwa waya wa ampea 5 hiyo ni sawa na ukinzani wa omu 0.15. Ukipitisha ampea 3 kwenye waya huo, joto ni wati 1.35, ambazo mkono hauzihisi. Ukipitisha ampea 5, joto ni wati 3.75, zilizosambaa kwenye urefu wote wa waya, na utahisi uvuguvugu. Ukitaka wati 240 kwa volti 20, unahitaji ampea 12, na joto linafika wati 21.6. Waya wa namna hiyo ungeyeyusha plastiki yake juu ya meza. Kwa volti 48, wati 240 ni ampea 5 tu, na joto linabaki zile 3.75.

Laptopu za namna hii tayari zipo. Mwaka 2021 Apple ilitoa chaja ya wati 140 kwa ajili ya MacBook Pro ya inchi 16, inayotumia volti 28. Framework Laptop 16 ilikuja na chaja ya wati 180, inayotumia volti 36. Laptopu za michezo ya kompyuta zenye kadi kubwa za picha, kwa upande mwingine, nyingi bado huja na chaja yao ya kichwa cha duara, na tundu lao la taipu C hupokea kiasi kidogo cha kusaidia tu. Waya wa 240 haubadilishi hilo. Kikomo kiko kwenye laptopu.

Volti za juu zimeleta tahadhari zake. Ukichomoa waya unaobeba volti 48 na ampea 5, cheche huweza kuruka kati ya pini na kuzichoma kidogo kidogo. Kwa hiyo nyaya za wati 240 hutakiwa kuwa na kapasita ndogo kwenye vichwa vya kuzima cheche hizo. Tena laptopu ikiwa kwenye ngazi hizo haiachiwi tu umeme ukatiririka. Hutakiwa kutuma ujumbe mfupi wa kusema bado nipo, angalau mara mbili kila sekunde. Ikinyamaza, chaja inaondoa volti hizo. Na waya wa zamani wa wati 100, hata ukiuchomeka kwenye chaja ya wati 240, utapewa zisizozidi 100, kwa kuwa chipu yake haikuandikwa ruhusa ya kupanda huko.

Chipu inapodanganya

Turudi kwenye ile barua ya utambulisho. Chaja haipimi shaba. Inasoma maandishi. Kiwanda kisicho na aibu kinaweza kununua chipu halali, kikaiandika ampea 5, kisha kikaifunga kwenye nyuzi nyembamba zinazofaa ampea 2. Chaja itauliza, chipu itajibu kwa adabu, na ampea 5 zitaingia kwenye nyuzi zisizozimudu. Huu ni waya wa hatari kuliko ule usio na chipu kabisa. Usio na chipu hukuchelewesha tu. Huu hukuunguzia kichwa cha waya, na ukiwa na bahati mbaya, tundu la laptopu.

Dalili yake ya kwanza ni joto kichwani. Waya mzima kuwa vuguvugu kwa ampea 5 ni kawaida. Kichwa kuwa cha moto kiasi cha kutotaka kukishika si kawaida, nacho mara nyingi kina kiungo kibovu ndani au pini zilizochakaa. Plastiki ikianza kubadilika rangi kuwa ya kahawia karibu na chuma, usiutumie tena hata kwa simu.

Uongo wa nyaya una historia. Mwaka 2015 Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza kununua nyaya za taipu C mtandaoni na kuzipima moja moja, akiandika hadharani zipi zinafuata viwango. Zilizomshinda nyingi zilikuwa zile za kichwa cha zamani kwenda taipu C, zenye rezista isiyo sahihi, ambayo iliifanya simu ivute umeme mwingi kuliko tundu la kompyuta linavyoweza kutoa. Mapema mwaka 2016 alikutana na waya mmoja ambao chanya na hasi zilikuwa zimefungwa kinyume. Ulimuulia vipimo viwili na laptopu yake ya Chromebook Pixel palepale. Duka la mtandaoni la Amazon baadaye likapiga marufuku nyaya za taipu C zisizofuata viwango.

Mkanganyiko mwingine hauna uongo ndani yake. Nyaya za taipu C zenye kasi kubwa ya data hutakiwa kuwa na chipu hata kama zinabeba ampea 3 tu. Kwa hiyo mfanyabiashara akikwambia waya huu una chipu, bado hajakwambia ni wa ampea ngapi. Na kinyume chake ni kweli: waya wa wati 240 wa Apple wenyewe hupitisha data kwa kasi ya USB 2 ya miaka ya 2000. Ni hodari wa kuchaji, lakini ukihamishia video kwenye diski ya nje utasubiri. Nguvu na kasi ni namba mbili tofauti, na kila moja iulizwe peke yake.

Utajuaje

Kama unatumia kompyuta ya Mac, huhitaji kifaa chochote. Chomeka chaja, fungua programu ya Terminal, andika:

```
system_profiler SPPowerDataType
```

Shuka hadi sehemu ya chaja, utafute mstari wa `Wattage (W)`. Chaja ikiwa ya 100 na mstari ukaonyesha 60, umekwisha kumpata mhalifu. Badilisha waya, rudia, na uone namba inavyopanda. Windows haitoi namba kirahisi hivyo, lakini ikiona umeme ni mdogo kuliko laptopu inavyotaka huweza kuonyesha ujumbe wa `Slow charger`.

Njia inayofaa mashine zote ni mita ndogo ya USB, ile inayochomekwa kati ya waya na laptopu na kuonyesha volti na ampea kwa wakati mmoja. Hakikisha ni ya taipu C pande zote na imeandikwa kuhimili ampea 5. Subiri betri ishuke chini ya nusu, fungua kazi nzito, kisha usome. Ukiona volti 20 na ampea zimegota karibu na 3 bila kupanda, waya hauna chipu ya ampea 5, au chipu yake imekufa. Ukiona ampea 4 na ushee, waya umekubaliwa.

Mita hiyohiyo inafichua nyuzi nyembamba. Isome ikiwa upande wa chaja, kisha ihamishie upande wa laptopu, huku kazi ikiwa ileile na ampea zikiwa zilezile. Tuseme kwa ampea 5 upande wa chaja unasoma volti 20.0 na upande wa laptopu 19.4. Zimepotea 0.6, ndani ya zile 0.75 zinazoruhusiwa, na waya ni mzima. Ukisoma 18.6 upande wa laptopu, zimepotea 1.4. Zidisha kwa ampea 5, utapata wati 7 zinazoishia kwenye waya kama joto. Huo ni waya wenye barua nzuri na shaba mbaya.

Kabla ya kuulaumu waya, ondoa washukiwa wengine. Chaja zenye matundu mengi hugawana wati. Iliyoandikwa 100 inaweza kutoa 100 kwenye tundu moja, lakini ukichomeka na simu, tundu la laptopu likashuka hadi 65 au chini ya hapo. Mgawanyo huo huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa chaja. Vilevile laptopu yenye matundu mawili ya taipu C huenda inachaji kwa moja tu. Na waya uliokuwa ukipitisha wati 100 ukiwa ghafla umerudi kwenye 60, ugeuze kichwa juu chini ukachomeka tena. Ikiwa upande mmoja unafanya kazi na mwingine haufanyi, huenda vumbi au pamba ya mfukoni imeziba pini moja ya mazungumzo ndani ya tundu.

Vifaa vya kuunganishia navyo viangaliwe. Nyaya za kurefusha taipu C hazimo kwenye viwango. Chaja husoma chipu ya waya mkuu na haijui kwamba mbele yake kuna kipande kingine chenye nyuzi za aina yoyote. Vichwa vya sumaku, vile vinavyonasa vyenyewe, vina kasoro hiyohiyo, na pini zake ndogo ziko wazi kuguswa na vumbi na chuma. Kwa simu ya wati 15 mtu anaweza kuvumilia. Kwa laptopu ya wati 100 viache.

Ukiwa dukani

Iwe ni Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, maneno "fasti chaji" kwenye pakiti hayana maana kwa laptopu. Simu nyingi zina mitindo yao ya kuchaji haraka, yenye ampea nyingi kwa volti zao wenyewe, na nyaya zake nyingi zina kichwa cha USB cha zamani upande wa chaja. Waya wa namna hiyo hauwezi kufanya mazungumzo ya PD tuliyoyaeleza, hata kama umeandikwa ampea 6. Unachotafuta ni waya wenye taipu C pande zote mbili, na maandishi ya wazi ya 100W au 240W, au 5A, yawe kwenye kichwa cha waya na siyo kwenye karatasi ya pakiti tu. Nembo ya USB-IF yenye 240W ni bora zaidi, ingawa nembo nayo huigwa. Urefu wa mita moja au mbili unatosha. Waya mrefu mno na mwembamba mno ulioandikwa wati 240 ni wa kuutilia shaka, kwa sababu omu 0.15 ni kikomo cha waya wote, na kadiri unavyorefuka ndivyo shaba inavyotakiwa kuwa nene.

Hakuna hatari ya kununua wenye uwezo mkubwa kuliko laptopu yako. Waya wa 240 hausukumi umeme. Ukiutumia kwa simu, simu itaomba kiasi chake, na itapewa hicho tu.

Umoja wa Ulaya uliweka Aprili 28, 2026 kuwa tarehe ya laptopu mpya zinazouzwa huko kuwa na tundu la taipu C la kuchajia, baada ya simu na tableti kutangulia Desemba 28, 2024. Sheria hiyohiyo inampa mnunuzi haki ya kuchukua kifaa bila chaja. Kadiri laptopu zinavyoanza kuuzwa hivyo, kazi ya kulinganisha mashine, chaja na waya inahama kutoka kiwandani kuja kwa mnunuzi. Muuzaji akikutajia wati za chaja, muulize pia ampea za waya, na ikiwezekana umwombe achomeke mita hapohapo kaunta. Ampea zikipita 3, lipa.